Maktab, maktaba, miftaah: namna ya kuunda na kuzitambua nomino za Kiarabu za mahali na za chombo zinazoanza na mim

Dada mmoja niliyekuwa namfundisha Kiarabu alifika Maskati, akapita mbele ya duka, mlangoni pameandikwa maftuuh, na yeye neno miftaah alishalijua kuwa ni ufunguo, kwahiyo akaelewa pale wanachonga funguo, akaingia na ufunguo wake mkononi. Kumbe maftuuh ni "pamefunguliwa" tu, yaani duka liko wazi. Herufi za mzizi ni zilezile tatu, f, t, h, na mim, yaani herufi ya m, iko mbele kote kuwili, kilichobadilika ni irabu tu. Aliponisimulia nikaona nimekosea mimi mwalimu, nilimpa maneno ya kukariri bila kumpa wazani wenyewe, yaani kiunzi maneno hayo yanamoundiwa, na ukishaujua wazani huhitaji kukariri hata nusu ya maneno hayo.

Sasa nataka niuelezee huu wazani wa mim kwa mtu anayejua Kiswahili, maana sisi tuna faida moja kubwa ambayo vitabu vingi vya sarufi havituambii, nitaifikia hapo chini. Kiarabu naandika kwa herufi zetu: irabu ndefu naiandika mara mbili (aa, ii, uu), na ile herufi ya 'ain naiwekea alama ya '.

Kwanza, mzizi na kiunzi

Neno la Kiarabu lina herufi tatu za mzizi zilizobeba maana, halafu kuna kiunzi cha irabu na herufi za nyongeza kinachosema hiyo maana imekaa vipi. Hili wala sio geni kwako, chukua k-t-b: kitabu, katibu, maktaba. Chukua h-k-m: hukumu, hakimu, mahakama. Wanasarufi wa Kiarabu viunzi wanaviandika kwa herufi za f-'-l, neno "kufanya", kwahiyo ukiona nimeandika maf'al jua f ni herufi ya kwanza ya mzizi, ' ni ya pili na l ni ya tatu. Weka k-t-b hapo unapata maktab, ofisi au meza ya kuandikia, yaani mahali pa kuandika. Weka l-'-b, kucheza, unapata mal'ab, uwanja wa michezo. T-'-m, kula, inakupa mat'am, mkahawa.

Mim ikiwa na fataha (ma-) kwa kawaida ni mahali, na ikiwa na kasra (mi-) kwa kawaida ni chombo. Maktab ni pa kuandikia, miftaah ni cha kufungulia. Msingi ni huo, ugumu unaanzia kwenye irabu inayofuata baadae.

Kiunzi cha mahali kinatumika pia kwa wakati. Hili Mswahili hahitaji kuelezwa sana, maana tunasema upande wa magharibi na tunasema sala ya magharibi, neno lilelile, la kwanza ni mahali jua linapozama na la pili ni wakati linapozama. Maulidi vilevile, mzizi ni w-l-d, kuzaa, na neno lenyewe ni wakati au mahali pa kuzaliwa.

Hatua ya kwanza kwenye mahali: irabu ya herufi ya pili ni a au ni i?

Hapa ndo wanafunzi wengi wanapokwama. Mahali kuna viunzi viwili, maf'al na maf'il. Ofisi ni maktab lakini nyumba ni manzil, kiwanda ni masna' lakini benki ni masrif. Nani kaamua?

Aliyeamua ni kitenzi chenyewe kwenye wakati uliopo, ile mudhari inayoanza na ya-. Angalia irabu iliyo juu ya herufi ya pili ya mzizi. Ikiwa ni i, mahali panakuwa maf'il. Ikiwa ni a au u, mahali panakuwa maf'al. Jalasa ni "alikaa", mudhari yake ni yajlisu, kuna i, basi pa kukaa ni majlis. Nazala, "alishuka", yanzilu, manzil. Sarafa, "alibadilisha fedha", yasrifu, masrif, na hapa hata Waarabu wenyewe utawasikia wengi wanasema masraf, ila ukiandika mtihani andika masrif. Upande mwingine kataba ni yaktubu, kuna u, maktab. La'iba ni yal'abu, kuna a, mal'ab. Sana'a ni yasna'u, kuna a, masna'.

Mtu atauliza mbona u haikuzaa maf'ul ya kwake. Hicho kiunzi kwa mahali hakimo katika kanuni, u inaangukia kwenye a, basi. Ukisikia u ya pili baada ya ma- shuku kwanza kitu kingine, nitakuja nacho.

Hiyo irabu ya mudhari huwezi kuibuni kichwani, lazima uitafute. Kamusi za Kiarabu zilizopangwa kwa mizizi huwa zinaandika kitenzi halafu pembeni yake kuna kiherufi kidogo, a, i au u, ndo irabu yenyewe hiyo. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wanakiruka wakidhani ni alama ya uchapaji. Usikiruke, kinakupa mudhari na mahali kwa pamoja.

Hatua ya pili: sikiliza mkazo wa Kiswahili

Ile faida niliyosema ni hii. Kiswahili kimekopa maneno mengi ya kiunzi hiki, na yalipoingia kwetu irabu ya herufi ya pili ya mzizi iliangukia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ambayo kwa Kiswahili ndo tunayoitilia mkazo. Kwahiyo ile irabu inayowasumbua wanafunzi duniani kote sisi tunaitamka kwa nguvu kila siku.

Tamka maskani. Mkazo uko kwenye "ka", ni a, Kiarabu chake ni maskan. Tamka markazi, mkazo "ka", Kiarabu markaz. Madhabahu, mkazo "ba", Kiarabu madhbah, pa kuchinjia. Sasa tamka mashariki, mkazo "ri", ni i, Kiarabu mashriq. Magharibi, "ri", Kiarabu maghrib. Maulidi, "li", Kiarabu mawlid. Majilisi, "li", majlis. Madini, "di", Kiarabu ma'din, maana yake ya asili mahali kitu kinapokaa ardhini. Msikiti, "ki", Kiarabu masjid, pa kusujudia. Hata yale yanayoishia na -a kwa Kiarabu yanafuata, madrasa mkazo "ra", maktaba "ta", mahakama "ka", matbaa "ba".

Ile i ya mwisho kabisa kwenye maskani au mashariki isikuchanganye, hiyo tumeiongeza sisi kwasababu Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti. Angalia ya pili kutoka mwisho tu. Na neno linaloniharibia hii kanuni ni merikebu, Kiarabu markab, chombo cha kupanda, a imegeuka e kinywani mwetu, ingawa kuna wanaosema marikabu na hapo a inarudi mahali pake.

Tazama tena msikiti, mashariki na magharibi. Kwa kanuni ya hatua ya kwanza haya matatu yamevunja sheria. Sajada mudhari yake ni yasjudu, sharaqa ni yashruqu, gharaba ni yaghrubu, zote u, na u ilitakiwa itoe a, yaani masjad, mashraq, maghrab. Lakini Waarabu walisema masjid, mashriq, maghrib, na kila kitabu cha sarufi kinayaorodhesha kama maneno ya kusikiwa, sio ya kupimwa. Mwanafunzi wa kwengine inabidi ayakariri, wewe i zake umezijua toka mdogo.

Hatua ya tatu: herufi za mzizi zikiwa dhaifu

Mzizi ukiwa na waw au ya ndani yake, au herufi mbili za mwisho zikifanana, kanuni inapinda kidogo. Usiogope, hali ni nne tu.

Ikianza na waw, mahali ni maf'il bila kujali mudhari. Waqafa, "alisimama", mawqif, ni kituo cha basi au maegesho ya gari, kibao chake utakiona kila kona mijini. Wa'ada, "aliahidi", maw'id, miadi. Walada, mawlid, maulidi yetu.

Ikiishia na herufi dhaifu, ni maf'al siku zote, hata kama mudhari ina i, na mwishoni unasikia aa. Ramaa, "alirusha", yarmii, lakini goli la mpira ni marmaa. Banaa, "alijenga", yabnii, jengo ni mabnaa. Wanaopenda mpira neno marmaa wanalishika siku moja wakisikiliza mtangazaji wa Kiarabu, na hilo moja linawashikia kanuni yote.

Ikiwa dhaifu iko katikati, a ya kiunzi inaimeza, inabaki aa moja ndefu. Qaama, yaquumu, "alisimama", maqaam. Zaara, yazuuru, "alizuru", mazaar, pa kuzuru. Mnara wetu umetoka hapa, ni manaara, mzizi n-w-r wa nuru, mahali pa mwanga. Ila katikati ikiwa ya, mambo hayajatulia. Taara yatiiru ni "aliruka", mudhari ina ii, kwa kanuni uwanja wa ndege ungekuwa matiir, lakini ulimwengu mzima wa Kiarabu unasema mataar. Sema mataar.

Herufi mbili za mwisho zikifanana zinaungana. Halla, yahullu, "alitua", kiunzi kingetoa mahlal, zinaungana inakuwa mahall. Ndo mahali yetu hiyo! Neno lenyewe tunalotumia kusema "mahali" ni nomino ya mahali ya kiunzi hiki. Siku hizi katika Kiarabu mahall ni duka pia. Hatta, "alishusha mzigo", mahatta, stesheni.

Hatua ya nne: ile a ya mwisho

Maktab ni ofisi, maktaba ni nyumba ya vitabu. Mzizi mmoja, kiunzi kimoja, tofauti ni taa marbuta mwishoni. Nimeulizwa mara nyingi kanuni yake ni nini, na jibu langu ni kwamba hii haipimwi, inasikilizwa. Kiarabu kimesema madrasa na mahkama kwa a ya mwisho, na kimesema mal'ab na masna' bila hiyo a, wewe ukiunda la kwako kwa kubuni utakosea. Jifunze neno pamoja na mkia wake. Na maana inaweza kusogea kwa nchi, ukiwa Ghuba ukaona duka limeandikwa maktaba usitegemee kuazima kitabu, mara nyingi ni duka la madaftari, kalamu na fotokopi.

Hapa kuna mtego wa Kiswahili chenyewe. Madrasa ni nomino ya mahali ya Kiarabu, lakini madarasa ni wingi wa darasa, ma- yake ni ya ngeli yetu haihusiani kabisa na mim ya Kiarabu. Vivyo hivyo makaburi ni wingi wa kaburi, ilhali pa kuzikia kwa Kiarabu ni maqbara. Mahakimu ni wingi wa hakimu, mahakama ni mahali pa hukumu. Jaribio lake rahisi: toa ma-, ukibakiwa na neno zima la Kiswahili lenye umoja wake (darasa, kaburi, hakimu), hiyo ma- ni yetu. Ukibakiwa na kipande kisicho na maana (-drasa, -ktaba, -hakama), hiyo ni mim.

Hatua ya tano: chombo

Sasa mi-. Viunzi vya asili ni vitatu, mif'al, mif'aal na mif'ala, na vinatokana na kitenzi cha herufi tatu, kwa kawaida kile kinachotendea kitu, maana chombo lazima kiwe na cha kufanyia kazi. Habari njema ni kwamba huku hakuna kuangalia mudhari, irabu ya pili ni a katika vyote vitatu. Habari isiyo njema ni kwamba huwezi kujua kwa kanuni kitenzi kimechagua kipi kati ya vitatu. Barada, "alipiga tupa", tupa ni mibrad. Nashara, "alipasua mbao", msumeno ni minshaar. Kanasa, "alifagia", ufagio ni miknasa. Taraqa, "aligonga", nyundo ni mitraqa. La'iqa, "alilamba", kijiko ni mil'aqa. Na fataha, "alifungua", ufunguo ni miftaah.

Vya Kiswahili viko vingi, ila vimejificha. Msumari ni mismaar. Mswaki ni miswaak, mzizi s-w-k, kusugua. Mkasi ni miqass, mzizi q-s-s wa kukata, herufi mbili za mwisho zimeungana kama zilivyoungana kwenye mahall. Kwanini vimejificha? Kwasababu sikio la Mswahili likisikia mi- mwanzoni linadhani ni wingi wa ngeli ya mti na miti. Mismaar ikasikika kama wingi, misumari, basi moja ikawa msumari. Miswaak ikawa miswaki, moja mswaki. Hata msikiti na mnara vikavutwa humohumo, misikiti na minara, japo hivyo asili yake ni ma-. Ukitaka kurudi kwenye Kiarabu cha chombo chukua wingi wa Kiswahili, uko karibu zaidi na asili kuliko umoja.

Mizani inastahili kusimamishwa kidogo. Mzizi ni w-z-n, ule wa uzani na wa neno wazani lenyewe. Mif'aal inatoa miwzaan, lakini waw yenye sukuni, yaani isiyo na irabu yake, baada ya kasra haikaliki, inageuka ya, na kasra na ya vinakuwa ii, ndo unapata miizaan. Mabadiliko hayohayo yamefanyika kwenye miadi, w-'-d, miw'aad ikawa mii'aad. Lakini ona, miadi sio chombo, ni wakati! Na mihrabu ni mahali msikitini japo ni mihraab kwa kiunzi cha chombo. Kwahiyo mi- inakuelekeza, haikuapii.

Vipo vyombo visivyofuata. Chekecheo ni munkhul, kwa mu-, na hicho ukikariri tu. Kisu, sikkiin, na shoka, fa's, havina mim kabisa. Na mitambo ya kisasa mingi imekwenda kwenye kiunzi kingine kabisa, fa''aala, herufi ya pili ikikazwa: mashine ya kufulia ghassaala, friji thallaaja, gari sayyaara. Chuo cha Lugha ya Kiarabu cha Kairo kilikikubali kiunzi hiki rasmi kwa vyombo, kwahiyo mtu akikwambia vyombo vyote vya Kiarabu vinaanza na mim, mpeleke jikoni akaangalie friji.

Na mtaani usishangae. Kwa maandishi ni mi-, lakini lugha za kusema nyingi zinaigeuza, rula ni mistara kitabuni na Mmisri anasema mastara, ufunguo kwake ni muftaah. Chetezo cha ubani ambacho kamusi inakiandika mibkhara, Ghuba utasikia mabkhara. Sio kwamba wamekosea mahali na chombo, ni kinywa tu, nao wanaelewana. Wewe ukisikia ma- mtaani, pima kwa maana kwanza.

Hatua ya sita: kuitenga mim isiyohusika

Turudi kwenye kile kibao cha dukani. Maf'uul, yenye uu ndefu, ni kilichotendwa: maftuuh kilichofunguliwa, maktuub kilichoandikwa. Na hapa mkazo wetu unasaidia tena. Mashuhuri, mkazo "hu". Maarufu, "ru". Maalumu, "lu". Mahabusu, "bu", aliyefungwa. Mahususi, "su". Masurufu, "ru", na hili ni zuri maana ni mzizi uleule wa masrif, benki, kimoja ni pa kubadilishia fedha na kingine ni fedha zilizotumika. Kwahiyo neno la ma- ukisikia mkazo umeangukia u, sio mahali, ni kilichotendwa. Lililotoroka ni marehemu, Kiarabu marhuum, u imekuwa e.

Mu- ni mtenda au mtendwa wa vitenzi vilivyoongezwa herufi: mwalimu ni mu'allim, msafiri ni musaafir. Lakini usiitupe mu- yote, maana vitenzi hivi vilivyoongezwa havina ma-, mahali pake panatumia kiunzi cha mtendwa kwa mu-. Hospitali ni mustashfaa, pa kutafutia shifaa. Pa kusalia ni musallaa, na huko ndo ulikotoka msala wetu, ule mkeka wa kusalia, ambao baadae kwa adabu ya lugha tukaanza kusema "naenda msalani" tukimaanisha chooni. Mara nyingi kinachotofautisha mtenda na mahali hapo ni irabu kabla ya herufi ya mwisho, i mtenda, a mahali: mu'allim mwalimu kwa i, mukhayyam kambi kwa a.

Na maskini? S-k-n, mzizi uleule wa maskani, inaanza na mi- kwa Kiarabu, miskiin. Sio chombo. Ni sifa, na ii yake ndefu ndo inayokwambia, kwasababu chombo cha mi- siku zote kina a pale.

Tuipime kwenye neno moja mpaka mwisho

Chukua kitenzi usichokijua, khazana, "alihifadhi". Unataka kusema ghala. Mzizi kh-z-n, hakuna waw wala ya, hakuna herufi zinazofanana, ni mzima. Fungua kamusi kwenye kh-z-n, pembeni ya kitenzi kuna u, yaani yakhzunu. U inaangukia a. Kiunzi maf'al. Jaza: makhzan. Angalia chini yake kidogo kwenye kamusi kama ipo na kama ina mkia wa a. Ipo, haina mkia, maana yake ghala, stoo. Umepata.

Sasa khabaza, "alioka mkate". Kh-b-z, mzima. Kamusi inasema i, yakhbizu. Kanuni inataka makhbiz. Unaangalia chini, unakuta makhbaz, ndo inayoandikwa kwenye vibao vya kuuzia mikate. Kanuni imekupeleka karibu lakini mazoea ya watu yameshinda. Ndo maana ile hatua ya kuangalia chini huwezi kuiruka hata ukiwa fundi. Ghasala, "aliosha", yaghsilu, ni hivyohivyo: maghsil ipo lakini ni pa kuoshea maiti, dobi ni maghsala. Ukimuuliza mtu barabarani maghsil iko wapi huku umebeba nguo chafu atakutazama vibaya kweli.

Sasa rudi mlangoni pa duka. F-t-h. Ma- na uu ndefu, maftuuh: kilichofunguliwa. Mi- na aa ndefu, miftaah: chombo cha kufungulia. Pembeni ya kibao kuna kingine kimegeuzwa, mughlaq, mu- na a kabla ya mwisho. Sasa hapa kiunzi pekee hakitoshi kukwambia kama ni kilichotendwa au mahali, maana vinafanana, inabidi uangalie kimetundikwa wapi. Kwenye mlango wa duka, usiku, ni "pamefungwa".

Wingi unathibitisha

Ukibaki na shaka, uliza wingi wake. Maf'al, maf'il na mif'al wingi wake kwa kawaida ni mafaa'il, i fupi: makaatib, masaajid, mabaarid. Mif'aal wingi wake ni mafaa'iil, ii ndefu: mafaatiih, manaashiir, masaamiir. Ile aa ndefu ya umoja haipotei, inageuka ii. Kwahiyo ukikutana na mafaatiih mahali pasipo na irabu zilizoandikwa, na ukaona ya katikati ya ta na ha, jua umoja wake una irabu ndefu, miftaah, na sio miftah. Yenye mkia wa a nyingine zinaingia humohumo, madrasa madaaris, nyingine zinapenda -aat, maktaba maktabaat. Na hii ya mwisho ina faida ya bure, maana makaatib mara nyingi ni ofisi na maktabaat ni maktaba, wingi umetenganisha kile ambacho umoja ulikitenganisha kwa a moja tu ya mwisho.

Yule dada siku hizi akinitumia picha za vibao ananitumia na jibu lake tayari. Wiki iliyopita alinitumia lifti ya jengo analofanyia kazi, imeandikwa bila irabu hata moja, mim, sad, 'ain, dal, akaniuliza ni mas'ad au mis'ad. Nikamwambia mzizi ni wa kupanda juu, sa'ida yas'adu, sasa wewe unaiona kama mahali unapopandia au chombo kinachokupandisha? Akajibu chombo. Basi soma mis'ad, nikamwambia, ila jirani yako wa Kimisri akisema asanseer mwitikie tu.